Kutoka Nguvu ya Beaufort hadi Kilomita kwa Saa: Ubadilishaji wa Vipimo vya Upepo katika Tahadhari kwa Wakazi wa Tlawi, Mkoani Manyara

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, husikia redioni tahadhari ileile anayoisikia mvuvi wa Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo kwa ukanda wa pwani, kizingiti kinachotajwa mara nyingi ni upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Sehemu ya pili ya tahadhari hiyo haimhusu mkulima wa mahindi aliye mbali na bahari. Sehemu ya kwanza ingemhusu iwapo angejua kilomita 40 kwa saa zinafananaje na mti ulio nyuma ya nyumba yake.

Makala haya yanafafanua jinsi nguvu ya upepo iliyokadiriwa kwa macho, kwa kipimo cha Beaufort, inavyogeuzwa kuwa kilomita kwa saa ili iweze kulinganishwa na kizingiti hicho. Kazi hii huonekana kuwa ya kusoma jedwali tu. Hoja ya makala haya ni kwamba jedwali ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe, na kwamba makosa yanayoleta madhara hutokea kabla ya jedwali kufunguliwa au baada ya kufungwa. Tlawi imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pa juu, na urefu kutoka usawa wa bahari una athari katika ubadilishaji huu ambayo vitabu vya mabaharia havikuwa na sababu ya kuieleza. Pili, lipo pale ziwa dogo lenye jina hilohilo, na maji ya bara ni mojawapo ya vielelezo vilivyomo katika maelezo ya kipimo chenyewe.

2.0 Namba ya Beaufort hupima nini

Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika kipimo chake kati ya mwaka 1805 na 1806. Hakupima mwendo wa hewa. Alieleza ni tanga kiasi gani meli ya kivita ingeweza kubeba katika kila hali ya upepo, kuanzia 0 ambapo hakuna upepo hadi 12 ambapo hakuna tanga linaloweza kustahimili. Karne moja baadaye, mwaka 1906, George Simpson alikihusisha kipimo hicho na mwendo uliopimwa kwa ala, na ndipo maelezo ya nchi kavu yalipopata nafasi: majani, matawi, moshi, miavuli. Kwa hiyo namba ya Beaufort ni jina la athari inayoonekana, na kilomita kwa saa ni kipimo cha mwendo. Kubadilisha kimoja kuwa kingine ni kukisia sababu kutokana na matokeo yake.

Neno "nguvu" nalo linahitaji uangalifu. Katika fizikia ya Kiswahili tunalo neno "kani", na mwanafunzi aliyelizoea hudhani kwamba nguvu 8 ni kani iliyo mara mbili ya nguvu 4. Sivyo. Uhusiano uliokubaliwa kimataifa mwaka 1946 ni huu, ambapo B ni namba ya Beaufort na v ni mwendo katika mita kwa sekunde:

v = 0.836 × B^1.5

Ukizidisha kwa 3.6 ili kupata kilomita kwa saa, kigezo cha mwanzo kinakuwa takribani 3.01. Hii ni bahati njema, kwa kuwa anayefanya hesabu bila kikokotoo anaweza kukumbuka "mara tatu". Kwa nguvu 4, ambayo kipeo chake cha 1.5 ni 8, mwendo ni kilomita 24 kwa saa. Kwa nguvu 8, kipeo hicho ni 22.6, na mwendo ni kilomita 68 kwa saa. Namba imeongezeka maradufu, mwendo umeongezeka karibu mara tatu. Kwa kuwa msukumo wa upepo juu ya ukuta au paa hukua kwa mraba wa mwendo, msukumo wenyewe umekuwa mara nane. Msikilizaji anayeambiwa "nguvu 8" bila maelezo hawezi kulitambua hilo, na hii ndiyo sababu ya kutosha ya kutomtangazia namba ya Beaufort peke yake.

3.0 Jedwali na mtego wake

Kanuni iliyo hapo juu hutoa kitovu cha kila nguvu. Tahadhari, hata hivyo, haihitaji kitovu bali kingo. Nguvu 6 si kilomita 44 kwa saa. Ni mwendo wowote kati ya 39 na 49. Sehemu ya jedwali inayotuhusu ni hii:

| Nguvu | Noti | Mita kwa sekunde | Kilomita kwa saa |
|---|---|---|---|
| 5 | 17–21 | 8.0–10.7 | 29–38 |
| 6 | 22–27 | 10.8–13.8 | 39–49 |
| 7 | 28–33 | 13.9–17.1 | 50–61 |
| 8 | 34–40 | 17.2–20.7 | 62–74 |

Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa. Ndicho kipimo cha mabaharia na marubani, na ndicho kilichonikosesha. Katika hatua za awali za utafiti wangu niliandaa rasimu ya tangazo kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Nilichukua nguvu 6 kutoka jedwali la kingereza lenye safu nyingi, nikaandika "upepo mkali wa kilomita 22 hadi 27 kwa saa". Afisa ugani aliyekubali kuisoma kabla ya mkutano aliirudisha kwa maneno machache: "Mwalimu, upepo wa kilomita ishirini na tano tunapepetea maharage. Huu unaousema wewe unavunja matawi." Nilikuwa nimesoma safu ya noti na kuiandikia jina la kilomita. Tarakimu zilikuwa sahihi, safu ilikuwa sahihi kwa nguvu 6, na tangazo zima lilikuwa la uongo, kwa sababu kilomita 22 hadi 27 kwa saa ni nguvu 4. Kosa la namna hii halionekani kwa kukagua tarakimu. Huonekana kwa kuuliza kama maelezo ya athari na mwendo uliotajwa vinaafikiana, na mtu wa kuulizwa ni yule anayeishi na upepo huo.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao mtafiti makini atakutana nao. Kila safu ya jedwali imekadirishwa kivyake hadi namba kamili. Chukua noti 27, ambazo katika safu ya noti ni mwisho wa nguvu 6. Ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 50.0 kwa saa, ambazo katika safu ya kilomita ni mwanzo wa nguvu 7. Upepo ni uleule, nguvu ni mbili. Haipo safu iliyokosewa. Kilichokosewa ni kubadilisha namba ambayo tayari imekadirishwa kisha kuirudisha kwenye jedwali. Kanuni ninayoipendekeza ni kubadilisha mara moja tu: ukiwa na namba ya Beaufort, soma safu ya kilomita moja kwa moja, ukiwa na mwendo uliopimwa kwa ala katika noti, zidisha kwa 1.852, andika jibu, na usirudi kwenye Beaufort kabisa.

Sasa tunaweza kukiona kizingiti cha kilomita 40 mahali kilipo. Ni sawa na mita 11.1 kwa sekunde, au noti 21.6. Kimeangukia ndani kidogo tu ya ukingo wa chini wa nguvu 6. Kwa kauli nyingine, anayekadiria kwa macho anaulizwa swali moja lenye uzito: je, upepo huu bado ni nguvu 5 au umeshakuwa 6? Maswali mengine yote yanaweza kusubiri.

4.0 Kutofautisha nguvu 5 na 6 ukiwa Tlawi

Maelezo ya nchi kavu ya nguvu 5 yanasema kwamba miti midogo yenye majani huanza kuyumba, na vijiwimbi vyenye vilele hutokea katika maji ya bara. Kwa nguvu 6, matawi makubwa hutikisika, nyaya za simu hupiga mluzi, na mwavuli hutumika kwa shida. Kwa nguvu 7 miti mizima huwa katika mwendo, na mtu huona taabu kutembea akiukabili upepo.

Maelezo haya yaliandikwa kwa mandhari ya Ulaya, na baadhi yake hayasafiri. Maelezo ya nguvu 9 hutaja kung'olewa kwa vyungu vya dohani na vigae, vitu ambavyo havipo juu ya nyumba za Tlawi. Wapo wanaopendekeza bati kama mbadala. Sikubaliani nao. Bati hung'oka kulingana na misumari, umri wa mbao na mlango uliosahauliwa wazi, na nyumba mbili zilizo jirani zinaweza kupata hali tofauti kabisa kwa upepo uleule. Mti ni shahidi bora. Mikaratusi, ambayo imepandwa kwa wingi katika eneo hili, ina matawi membamba ya juu yanayocheza hata kwa upepo wa kawaida. Kwa hiyo mwangalizi atazame matawi makubwa yaliyo karibu na shina, si vilele. Nyaya za umeme zinafaa badala ya nyaya za simu.

Ziwa Tlawi linahitaji tahadhari ya aina yake. Ukubwa wa wimbi hautegemei mwendo wa upepo peke yake, bali pia umbali ambao upepo umesafiri juu ya maji. Katika ziwa dogo umbali huo ni mfupi, na upande unakotokea upepo maji hubaki karibu tulivu hata upepo ukiwa mkali. Mwangalizi anayesimama ukingo huo ataandika nguvu 3 au 4 wakati matawi yaliyo nyuma yake yanasema 6. Asimame ukingo wa pili, upepo unakoelekea, na hata hapo aamini miti kuliko maji.

5.0 Urefu wa mahali na wepesi wa hewa

Hili ndilo jambo ambalo sikulikuta limeelezwa katika matini za Kiswahili nilizozipitia, nami nalipa nafasi kubwa zaidi. Kinachotikisa tawi si mwendo wa hewa wenyewe bali msukumo wake, nao hutegemea mambo mawili: mraba wa mwendo, na densiti ya hewa. Kanuni ni:

q = 0.5 × ρ × v²

Katika usawa wa bahari densiti ya kawaida ya hewa ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Katika mwinuko wa mita 1,800, ambao nautumia hapa kama mfano kwa nyanda za juu za Mbulu, densiti ya angahewa sanifu ni takribani kilo 1.03. Hewa ni nyepesi kwa asilimia 16 hivi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa unaosukuma ukuta wa Kilwa kwa paskali 76 utasukuma ukuta wa aina hiyo huku juu kwa paskali 63 tu.

Tugeuze swali. Ikiwa tawi la mkaratusi linatikisika kwa namna ileile ambayo lingetikisika pwani kwa upepo wa kilomita 40, mwendo wa hewa juani hapa Mbulu ni upi? Tunagawanya kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa densiti. Uwiano ni 0.838, kipeuo chake cha pili ni 0.915, na jibu ni karibu kilomita 44 kwa saa. Kwa ujumla, mwendo unaosomwa katika jedwali baada ya kutazama miti uzidishwe kwa 1.09.

Masharti mawili yafuatwe. La kwanza, marekebisho haya ni ya makadirio ya macho tu. Kipimaupepo cha vikombe huzunguka kwa kufuata mwendo, na wepesi wa hewa haukiathiri kwa kiasi cha kuhangaisha. Kuzidisha usomaji wake kwa 1.09 ni kuharibu namba iliyokuwa sahihi. La pili ni la uungwana wa kitaaluma. Mwangalizi mzoefu anaweza kukosea kwa nguvu moja nzima, yaani kilomita kumi au zaidi, ilhali marekebisho haya ni kilomita nne. Basi yatumike pale upepo unapokuwa mpakani, kwa ajili ya kuamua, na yasiandikwe katika tangazo kana kwamba tumepima kwa usahihi wa kilomita moja.

Mtahini anaweza kuuliza: ikiwa msukumo ndio unaovunja, na msukumo tumekwisha kuuona katika mti, kwa nini tuhangaike na mwendo? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba kizingiti kimewekwa kwa mwendo, na taarifa ya mwangalizi italinganishwa na usomaji wa vituo vingine vinavyopima mwendo. Kama vizingiti vingewekwa kwa athari, sehemu hii yote isingehitajika.

6.0 Wastani, kimo na mvumo wa ghafla

Mwendo unaokusudiwa katika jedwali ni wastani wa dakika kumi, kwa kimo cha mita 10 juu ya uwanja wazi. Vituo vya kilimo mara nyingi huweka kipimaupepo kwa kimo cha mita 2, na hapo upepo hupunguzwa na msuguano wa ardhi. Kwa uwanja wa nyasi fupi, ambao ukwaruzo wake huchukuliwa kuwa mita 0.03, uwiano ni:

ln(2/0.03) ÷ ln(10/0.03) = 4.20 ÷ 5.81 = 0.72

Tuseme kipimo cha mita 2 kinasoma mita 8.0 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 28.8 kwa saa, na msomaji wa haraka ataziita mwanzo wa nguvu 5 kisha aendelee na shughuli zake. Ukigawanya kwa 0.72 unapata mita 11.1 kwa sekunde, yaani kilomita 40 kwa saa: kizingiti kamili. Kanuni hii haifai pale kipimo kinapozungukwa na mahindi yaliyokomaa, kwa kuwa hapo mita 2 ni ndani ya shamba, wala si juu yake.

Mvumo wa ghafla, yaani ule unaodumu sekunde chache kisha ukapungua, ni jambo tofauti na wastani. Juu ya nchi kavu unaweza kuuzidi wastani kwa karibu nusu yake. Mwangalizi anayeandika nguvu ya mvumo mmoja uliomshtua atatoa namba ya juu mno; anayetangaza wastani bila kutaja mvumo atawaacha watu bila habari ya kile hasa kinachoezua paa.

7.0 Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue alasiri ya Agosti, msimu wa kusi. Mwangalizi wa Tlawi anatazama kwa dakika kumi. Matawi makubwa yanatikisika, waya unapiga mluzi, lakini mashina ya miti mikubwa yametulia. Ni nguvu 6. Jedwali linampa kilomita 39 hadi 49 kwa saa. Akiishia hapo, ukingo wa chini haujafika 40, naye hawezi kusema kwa uhakika kwamba kizingiti kimepitwa. Akizidisha kwa 1.09 anapata 43 hadi 53, na sasa hata ukingo wa chini umepita. Taarifa yake kwa wilaya iseme kwamba kizingiti kimepitwa, itaje kuwa ni makadirio ya macho, na itaje alama alizoziona, ili aliye mezani aweze kuikagua.

Tahadhari rasmi hutolewa na Mamlaka, katika madaraja ya Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Mwangalizi hapandishi daraja. Lakini maneno yatakayosomwa kijijini yanaweza kuandikwa hivi: "Upepo wa wastani kati ya kilomita 40 na 55 kwa saa, wenye kutikisa matawi makubwa, mvumo wa ghafla unaweza kufikia kilomita 80 kwa saa na kuvunja matawi." Namba zimekadirishwa kwa tano na kumi, kwa kuwa asili yake hairuhusu zaidi. Alama ya mti imekaa pamoja na namba, kwa sababu msikilizaji hana kipimo kingine. Neno "kimbunga" halikutumika. Katika kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, mfumo wa tufani hupewa jina unapofikia noti 34, mwanzo wa nguvu 8, kama ilivyokuwa kwa Hidaya mwezi Mei 2024, na daraja la kimbunga kamili huanza noti 64, yaani nguvu 12. Kuuita upepo wa nguvu 6 kwa jina hilo ni kumfanya msikilizaji ashindwe kutofautisha siku ya kufunga madirisha na siku ya kuhama nyumba.